Salamu Iliyorudufiwa

Barua ile bado naionea haya. Nilikuwa mpiga chapa katika hoteli moja ya Watamu, miaka ya themanini. Kila msimu wa mvua, vyumba vikiwa vitupu, meneja aliniagiza niwaandikie wageni wa zamani warudi. Barua ilikuwa moja. Nilikata stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, nikazungusha mashine ya kurudufu, zikatoka mamia: "Rafiki mpendwa, sote tuna hamu nawe." Jina la kila mgeni nililijaza kwa taipureta, nalo likaonekana limebandikwa, maana wino wake ulikuwa mweusi na ule wa mashine umepauka.

Nikamwomba meneja aniachie nafasi chini, niongeze sentensi moja kwa mkono. Kisha nikamwendea mama mmoja wa kijiji cha Matsangoni, aliyetandika vitanda pale hotelini.

"Shikamoo, mama. Yule bwana wa chumba cha pembeni unamkumbuka?"

"Marahaba. Si yule aliyekuwa akimlisha kima dirishani, kisha akalalamika kaibiwa miwani?"

Nikaandika: "Kima wako yupo. Miwani bado hatujaiona." Basi. Sikumsifu, sikuitaja hoteli. Akajibu upesi, akiuliza chumba kilekile.

Tulipofika kwenye jina la bibi mmoja wa Ulaya, mama aliliweka chini shuka alilokuwa akikunja.

"Huyo alifiwa na mwanawe. Tuliketi pamoja barazani. Nami nimezika wangu."

"Nimwandikie nini?"

"Mwambie namuulizia hali. Hayo tu."

Nikaandika hivyo: "Mama aliyetandika kitanda chako anakuulizia hali." Machozi sikuyataja. Meneja alipoisoma uso ulimng'aa.

"Hii ndiyo yenyewe! Itie kwenye stensili, iende kwa wote waliobaki."

"Lakini mama hawajui wote."

"Nani atajua?"

Nikaikata. Hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo: sikulazimishwa kwa fimbo. Niliona hata fahari kidogo kwamba sentensi yangu ilipendwa.

Msimu ulipofika, wageni walimjia mama ukumbini na mikono imenyooshwa, wanaume asiowahi kuwaona, wakimshukuru kwa kuwakumbuka. Yeye alitabasamu bila kuelewa. Yule bibi naye alikuja. Alimshika mama mikono yote miwili, na pale pale nyuma yake mgeni mmoja akamsomea mkewe barua yake kwa sauti. Sentensi ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akaiachia mikono ya mama, akaenda chumbani.

Mama alinifuata ofisini.

"Mwanangu, nilikupa salamu ya mtu mmoja. Umeigawa kama njugu."

Nilimwomba radhi. Akarudi kwenye vitanda vyake. Meneja, kwa upande wake, alisugua viganja na kusema vyumba vimejaa.

Mvua zilipokuja tena meneja alinipa rasimu mpya. Nilimwambia aikate mwenyewe. Akanihamishia stoo ya mashuka, nikakunja mashuka kando ya mama yule, na ilipita miezi kabla hajaniitikia zaidi ya "marahaba".