Kitufe Kilichochelewa Kuitika

Jumatatu ya pili ya Machi, saa nne kasoro robo asubuhi, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wakulima wa mboga wa Mlalo alinipigia simu ofisini kwetu Lushoto. Hakuzunguka. Lori la mnunuzi lilikuwa limefika kuchukua matenga arobaini ya kabichi, na wao walikuwa wameandaa ishirini.

"Oda imeenda mara mbili, mama," alisema. "Hii ni mara ya tatu. Wanawake wamechoka. Alhamisi ya wiki ijayo tunakaa kikao. Programu yenu isipotengemaa, tunarudi kupiga simu kama zamani."

Programu ile ya simu, ambayo wanawake walimtumia mnunuzi oda ya mzigo wa kuja kuchukua, ilikuwa kazi ya watu wawili. Mwenzangu, kijana wa miaka thelathini na mbili, aliandika msimbo. Mimi nilipanga kila kinachoonekana na kila kinachosogea: kitufe kinavyobonyea, menyu inavyoshuka, kidirisha cha kuthibitisha kinavyopanda kutoka chini ya kioo. Nilianza kidato cha kwanza nikiwa na miaka arobaini na moja, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu, na kazi hii niliisomea baadaye, nikiwa na wajukuu. Kwa hiyo mtu akisema kazi yangu ina kasoro, huwa sipokei kwa urahisi. Siku ile sikupokea kabisa.

"Ni simu zao," nilimwambia mwenzangu. "Ni za bei ndogo."

"Shida si simu, mama. Programu nyingine kwenye simu hizo hizo zinakwenda vizuri. Ya kwetu inaburuta."

"Basi punguza muda."

Akapunguza. Kila mwendo ulikuwa umewekewa milisekunde mia nne na hamsini. Akauleta mia mbili na hamsini. Vilevile alikifunga kitufe kisipokee mguso wa pili. Jumatano tuliwatumia toleo jipya, na Ijumaa mwenyekiti akapiga tena. Oda hazijirudii tena, alisema, ila sasa wanawake wanadhani kitufe kimekufa. Na menyu haifunguki kabisa.

"Haifunguki vipi?" nilimuuliza mwenzangu baada ya kukata simu. "Hapa inafunguka!"

"Hapa unaibonyeza wewe, unayejua kusubiri."

Tulibishana hadi saa sita. Yeye alitaka kuondoa mwendo wote, vitu vitokee na kutoweka papo hapo. Nilikataa, maana menyu ikitokea ghafla mtu hajui imetoka wapi, na kidirisha kikitoweka ghafla hajui kimeondoka au programu imekatika. Akasema mimi nalinda kazi yangu badala ya kuwalinda watumiaji. Alikuwa na haki kwa kiasi fulani, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatatu ya tatu ya Machi nilikwenda Mlalo mwenyewe. Niliwakuta nyuma ya soko wakifunga karoti mafungu. Aliyekuwa akilalamika kuliko wote alikuwa bibi mmoja mwenye miaka sabini na ushee. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua ya Lushoto, za barabara, huku mikono yake haisimami. Kisha nikamwomba afungue menyu nikimtazama.

Akabonyeza. Kioo kikakaa kimya. Akabonyeza tena, na menyu iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuchungulia ikarudi ilikotoka, kwa sababu mguso wa pili ndio unaoifunga. Akabonyeza mara ya tatu kwa nguvu, kama mtu anayeponda kunguni. Wenzake wakacheka na kusemezana Kishambaa.

"Bibi, kwa nini unabonyeza mara mbili?"

"Nimeita, hakuitika. Wewe ukimwita mtu akanyamaza, humwiti tena?"

"Anakuja, bibi. Anakuja taratibu."

"Aje taratibu, mimi simkatazi. Lakini aitike kwanza! Huyu wako ana kiburi."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya tenga tupu, nikatoa daftari la miraba, na uso ulikuwa ukiniwaka.

Naomba nieleze nilichokuwa nimefanya, maana lilikuwa kosa langu na nilikuwa nimelifanya kwa kujivunia. Kwetu mtu haingii nyumba ya watu kwa kishindo. Hupiga hodi, husubiri, kisha huingia polepole. Nilipochagua mkunjo wa mwendo, yaani mstari unaoonyesha kitu kimesogea kiasi gani kwa kila sehemu ya muda, nilichagua ule unaoanza polepole na kuongeza kasi kadiri unavyokwenda. Niliona ni adabu. Nikautumia kwenye kitufe, menyu na kidirisha, kwenye kuingia na kutoka. Lakini kwenye simu anayepiga hodi ni yule bibi. Kitufe ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba anayekaa kimya baada ya hodi hana adabu yoyote.

Nilipiga hesabu palepale. Katika mkunjo wangu, theluthi ya muda ikishapita, menyu imesogea sehemu moja tu kati ya ishirini na saba. Jicho halioni kitu. Kisha safari yote iliyobaki inakimbizwa, na menyu inafika mwisho ikiwa na kasi yake kubwa kabisa na kusimama ghafla kana kwamba imegonga ukuta. Ndiyo maana kupunguza muda hakukusaidia: tuliufupisha ukimya, lakini bado uliendelea kuwa mwanzoni. Nilipougeuza mkunjo, uanze kwa kasi na kutulia mwishoni, theluthi ile ile ya muda ilizaa sehemu kumi na tisa kati ya ishirini na saba. Muda haukubadilika hata chembe.

Nilimpigia mwenzangu nikiwa bado nimekaa juu ya tenga.

"Geuza mikunjo yote ya kuingia. Kitufe kibonyee mara kidole kinapogusa, milisekunde mia moja. Menyu mia mbili. Kidirisha mia mbili na hamsini, kwa kuwa ni kikubwa na kinatoka mbali."

"Na kutoka?"

"Kutoka viache na mkunjo wa zamani, ila kwa muda mfupi zaidi. Kinachoondoka hakihitaji kutulia popote."

"Mama, mimi nilitaka tuondoe mwendo wote, wewe ukalaumu simu. Kumbe tulikosea wote."

"Andika kwanza. Tutaombana radhi baadaye."

Toleo lilikuwa tayari Jumatano, saa kumi jioni. Alhamisi nilikuwa kwenye kikao, palepale nyuma ya soko, wanawake wakiendelea kufunga karoti. Mwenyekiti hakunipa nafasi ya kueleza chochote, ingawa nilikuwa nimebeba daftari na nilitamani sana waione michoro yangu. Alimpa bibi yule simu na kumwambia atume oda ya karoti.

Alibonyeza mara moja. Kitufe kikabonyea, kidirisha kikapanda na kutulia, akathibitisha, kikaondoka. Akamrudishia mwenyekiti simu na kuokota fungu lake la karoti.

"Imekwenda?" mwenyekiti aliuliza.

"Si unaona? Imekwenda."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, wakakubali kuendelea hadi mwisho wa msimu. Nilidhani nitafurahi. Bibi akanigeukia.

"Mwanangu, kumbe ulikuwa unaweza?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa siku ngapi?"

"Mbili."

"Na sisi umetusumbua tangu Februari."

Nilifunga daftari langu, nikavuta tenga karibu, nikaanza kufunga karoti pamoja nao.