Pole Kwanza, Hongera Baadaye

Nilipokuwa mtoto, mdomo wangu ulikuwa unatangulia akili, na hilo Bibi alilijua kuliko mtu yeyote pale mtaani kwetu Kasense. Ndiyo maana asubuhi tuliyokwenda Majengo kumpongeza mama mdogo Veronika kwa mtoto wake wa kwanza, alinikaririsha maneno njia nzima, kama vile nakwenda kupokea komunyo.

"Ukifika unasemaje?"

"Napiga hodi. Nawaamkia wakubwa shikamoo. Nakaa kwanza mpaka upepo wa njiani unitoke."

"Halafu?"

"Pole mama na uzazi. Halafu hongera. Mtoto mwishoni."

"Na ukimwona mtoto?"

"Simshiki mpaka nipewe. Na simsifu."

Kutomsifu kulieleweka kwa kila mtu. Kumwita mtoto mchanga mzuri kulikuwa kumwonyesha kwa jicho baya, kwa hiyo aliyempenda sana alimwita kabaya, na wenyewe wakafurahi. Lakini ile pole ya kutangulia ilikuwa na sababu yake, ambayo niliisikia kwa Bibi peke yake. Alisema mwanamke akijifungua anakuwa amekwenda mbali, na mwili unarudi kabla ya roho. Anayempa pole ndiye anayemwita arudi. Asipoitwa, maziwa hayashuki. Nilikuwa na miaka tisa na nilimwamini kama nilivyoamini kwamba Ufipa kuna baridi.

Tulizunguka nyuma ya shule ili tusipite kwenye nyumba iliyokuwa na msiba, maana mgeni wa mtoto mchanga haji na vumbi la matanga. Bibi alibeba unga wa ulezi wa uji, mimi nikabeba kuku aliyefungwa miguu. Juu ya unga kulikuwa na mche wa sabuni. Miaka michache nyuma sabuni ile ingekuwa zawadi ya kutajwa kanisani, lakini sasa biashara ilikuwa imefunguliwa na maduka ya Majengo yamejaa. Deo, mume wa Veronika, alikuwa mmoja wa waliofunguliwa nayo. Alileta vitenge na mablanketi kutoka Zambia kupitia Kasesya, na siku ile alikuwa huko huko mpakani.

Sebule ilijaa wanawake. Katikati, juu ya kochi jipya, alikaa mama mkwe wa Veronika, Mama Deo, amempakata mjukuu ndani ya blanketi zito lenye picha ya simba. Mtoto alipakwa alama ya masizi kwenye paji la uso. Kitovu kilikuwa kimedondoka siku iliyotangulia, ndiyo maana wageni waliruhusiwa. Kila aliyeingia alimpongeza Mama Deo, akalishika blanketi, akauliza Deo amelinunua wapi. Veronika, binti wa marehemu mdogo wake Bibi, alikaa kwenye mkeka karibu na ukuta. Alikuwa anatazama miguu yake.

Sijui nini kilinipata. Labda ni yule simba. Kabla hata Bibi hajakaa, nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kochi nikasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Jamani, mtoto mzuri huyu."

Mama Deo akamfunika mtoto uso kwa ncha ya blanketi.

"Huyu binti ni wa nani?" akauliza.

Mtoto akaanza kulia. Akapelekwa kwa mama yake, akanyonya kidogo, akaachia, akalia zaidi. Hapo ndipo tulipojua kwamba hiyo ilikuwa siku ya sita na maziwa yalikuwa hayajashuka. Nesi alisema wazidi kumweka titini tu, yatashuka, lakini mtoto alikuwa anazidi kulegea, na nyumbani walishaanza kumpa maji ya sukari kwa kijiko. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema taratibu, "Jicho lilikuwepo, na sasa limeongezewa."

Nilielewa anamaanisha nini. Sisi tunaishi kwenye mji ambao jina lake lenyewe, kwa Kifipa, linamwambia mtu atupe uchawi wake. Neno kama lile likimganda mtoto wa kike kama mimi linaweza kumfuata mpaka siku anaposwa. Nilijiogopea, tena nilimwogopea na yule mtoto, kwa sababu niliamini kweli kwamba nimemharibu.

Bibi hakunitazama. Alimsogelea Veronika.

"Mwanangu, tangu umetoka hospitali, nani amekupa pole?"

Veronika alifikiri. "Wamenipa hongera, mama."

"Si ndiyo hiyo hiyo," Mama Deo akasema.

"Siyo, mkwe wangu. Hongera ni ya nyumba nzima. Pole ni ya kwake peke yake." Kisha akanigeukia. "Wewe toka nje uanze upya."

Nikatoka. Nikasimama barazani na upepo unanipiga, nikapiga hodi. Hakuna aliyeitika. Nikapiga ya pili. Mwenye haki ya kunikaribisha alikuwa Mama Deo, na kama angekaa kimya, ningerudi Kasense na lile neno mgongoni. Nilipiga ya tatu huku nalia.

"Karibu," Mama Deo akasema.

Niliwaamkia mmoja mmoja. Nikakaa chini mpaka Bibi aliponipa ishara, nikaenda kupiga magoti mbele ya Veronika.

"Pole mama na uzazi. Pole na uchungu. Umetoka mbali."

Jibu lake linajulikana: asante, nimeshapoa. Veronika alisema asante, akaishia hapo. Alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkataza. Wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja kumpa pole, hata yule wa mlangoni. Mama Deo alikuja mwisho. Alimchukua mtoto, akamtoa kwenye lile blanketi, akamweka mwenyewe kifuani pa mama yake.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nilikimbilia mjukuu, nikakuruka."

Baada ya muda tukasikia mtoto anameza. Khanga ya Veronika ikaanza kulowa upande wa pili, na yeye akaitazama kama vile ni ya mtu mwingine, halafu akacheka.

"Sasa ndiyo hongera, mkwe," Bibi akasema. "Umepata mume."

"Mume gani huyu, kelele tupu."

"Na alivyo kabaya."

Kabla hatujaondoka Veronika aliomba nipewe mtoto nimpakate. Alikuwa na joto, ananuka maziwa. Nikasema kabaya haka, na sebule nzima ikaitikia kwa kicheko.

Najua maziwa yale pengine yangeshuka tu. Nesi alishasema hivyo. Sikuwahi kubishana na nesi, wala na Bibi.

Nilipojifungua mimi, Bibi alikuwa ameshazikwa miaka mingi. Simu yangu ilijaa hongera, na kila aliyepiga aliuliza mtoto ana kilo ngapi. Siku ya saba hodi ikapigwa. Alikuwa Veronika, ameota mvi, na mfuko wa unga wa ulezi mkononi. Alikaa kwanza karibu na mlango mpaka upepo wa njiani ukamtoka. Kisha akaja, akapiga magoti kwa shida. Mtoto alikuwa mikononi mwangu, na yeye alikuwa bado hajamtupia jicho hata mara moja.

"Pole mama," alisema. "Umetoka mbali."

Nilitakiwa kujibu kwamba nimeshapoa. Nilisema asante, na mengine hayakutoka.