Damu ya Mbuzi

Alinuka kabla hatujamwona. Harufu iliingia kwanza kasualti, chumba cha dharura cha hospitali, harufu ya kinyesi cha mbuzi kilichochanganyika na damu iliyopigwa na jua, na mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akafunika uso wa mtoto wake kwa leso.

Alikuwa mchuuzi wa matumbo kutoka mtaa wa Kiuu. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa nyuma ya pikapu kati ya mapipa ya matumbo kutoka kichinjioni, na karibu na Ruiru lori likawagonga kutoka ubavuni. Mapipa yalimmwagikia. Dereva alivunjika mguu na alikuwa akipiga mayowe, kwa hiyo wote walimkimbilia yeye. Huyu wa matumbo alishuka mwenyewe kwenye gari lililowaleta Thika, akatembea hatua mbili tatu, akaketi.

“Ngai! Hii si mtu, hii ni supu,” mhudumu wetu wa kasualti alisema, na watu wakacheka. Nami nilicheka.

Walimpeleka uani wakammwagia maji kwa mpira, ule wa kuoshea magari. Damu yote ikatoka na maji. Chini yake hapakuwa na kidonda, isipokuwa mchubuko chini ya mbavu za kushoto.

“Mzee, umetuhangaisha bure,” mhudumu alimwambia. “Damu ni ya mbuzi. Wewe ni mzima.”

Mchuuzi hakujibu. Walimketisha kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango wa nyuma, ambako upepo ungepeleka harufu nje.

Wakati huo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mimi nilikuwa radiografa, mpiga picha za eksirei, katika hospitali hiyo. Tulikuwa na mashine moja ya ultrasaundi, ya magurudumu, iliyonunuliwa kwa ajili ya akina mama wajawazito. Daktari wetu wa upasuaji ndiye aliyenifundisha kuitumia kwa waliopata ajali, pale pale kitandani. Zamani alikuwa akitoboa tumbo kidogo na kuingiza mrija mwembamba ili aone kama kuna damu. Sasa alitaka tuangalie bila kutoboa.

Kazi yenyewe si ngumu ukielezwa taratibu. Damu iliyomwagika tumboni hutafuta mahali pa chini, kama maji sakafuni. Ini, wengu na figo huonekana kijivu kwenye skrini. Damu ambayo haijaganda huonekana nyeusi. Kwa hiyo unatafuta weusi mahali pasipopaswa kuwa na weusi. Unaangalia sehemu nne: kulia, kati ya ini na figo; kushoto, kuzunguka wengu; chini, nyuma ya kibofu; na juu, kuzunguka moyo. Mgonjwa awe amelala chali. Ukimwinua, damu inateremka kwenye nyonga, na huko juu utaona pasafi hata kama anakufa.

Hayo yote niliyajua. Ningeweza kumfundisha mwanafunzi yeyote, na nilikuwa nikiwafundisha.

Daktari aliagiza abiria wote wa pikapu wapimwe. Nilimaliza kumpima dereva, nikaisukuma mashine hadi mlango wa nyuma. Nywele za mchuuzi zilikuwa bado na vipande vya kitu cha kijani. Maji yaliyomtiririka yalikuwa yametengeneza dimbwi chini ya kiti, na inzi walikuwa wamelifikia. Nilivaa glavu mbili mbili, nikabana pumzi. Sikumlaza, maana kumlaza kungemaanisha kumshika kwapani. Nilipaka jeli, nikabonyeza upande wa kulia tu, akiwa vile vile ameketi. Ini, figo, na kati yao mstari mweupe safi. Nilihesabu hadi tano, nikaondoa mkono.

Kwenye karatasi niliandika: Hakuna damu tumboni. Nikatia sahihi.

“Si nilisema?” mhudumu akashangilia. “Aende nyumbani akaoge vizuri.”

Mke wake alifika akihema, mama aliyefunga kilemba, mikono bado na unga wa chapati. Hakuziba pua. Alimshika mumewe usoni, akamwangalia, kisha akanigeukia mimi kwa sababu nilikuwa karibu.

“Dada, huyu ana nini?”

“Yuko sawa, mama. Tumempima. Damu ilikuwa ya mbuzi.”

“Sikuulizi damu. Mbona amenyamaza?”

“Amechoka tu.”

“Huyu?” Alinitazama kama mtu anayezungumza na mtoto mjinga. “Huyu anaongea akilala. Anaongea akila. Nimeolewa naye miaka kumi na nne sijawahi kusikia redio yangu. Leo namwita jina, ananiangalia tu. Na mbona baridi hivi?”

Niliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mchuuzi. Mkono ulikuwa umelowa, lakini kwa jasho, si kwa maji ya mpira. Mapigo yalikuwa ya haraka na membamba kama uzi. Nilivuta kope la chini: ndani palikuwa peupe, bila damu.

Hapo ndipo nilipochukizwa kwa kweli, na si kwa harufu.

“Sista! Kitanda!” nilipiga kelele. “Na dripu, mbili!”

“Huyo wa matumbo?” mhudumu aliuliza.

“Shika miguu yake, wewe!”

Tulimlaza chali tukainua upande wa miguu, ili kilichokuwa kwenye nyonga kirudi juu. Nilianza kushoto, mahali nilipopaswa kuanzia, chini ya ule mchubuko. Juu ya wengu palikuwa na mwezi mweusi mwembamba. Nilihamia kulia. Ule mstari safi wa dakika arobaini zilizopita haukuwepo tena. Ini na figo vilikuwa vimetenganishwa na utepe mweusi, mpana kama kidole. Nilishuka chini. Kwa bahati hakuna aliyekuwa amemtoa mkojo, na kibofu kilichojaa ni kama dirisha: nyuma yake weusi mwingine ulikuwa umetanda. Moyo tu ndio uliokuwa hauna kitu pembeni.

“Ni nini hiyo?” mke aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama skrini.

Nilimwonyesha kwa kidole. “Huu weusi ni damu yake mwenyewe, mama. Si ya mbuzi. Tunampeleka thieta kupasuliwa sasa hivi.”

Daktari wa upasuaji alifika, akachukua karatasi, akaisoma, akanitazama. “Hapa umeandika hakuna.”

“Nilimpima akiwa ameketi. Upande mmoja.”

“Kwa nini?”

Mhudumu aliinamisha kichwa. Ningeweza kusema mashine ilisumbua.

“Alinuka,” nilisema.

Alinirudishia karatasi. Aliingia kunawa mikono. Wengu ulikuwa umepasuka. Waliutoa, na sista wa thieta aliniambia baadaye kwamba mtungi wa kufyonzea damu ulijaa ukabadilishwa.

Siku ya tano nilipita wodini. Nilimsikia kabla sijamwona, akimweleza jirani yake jinsi ya kuosha matumbo hadi yawe meupe. Aliponiona alininyooshea kidole.

“Wewe ndiye wa ile mashine,” alisema. “Ile jeli ni baridi, dada! Ulinipaka mara mbili. Ya kwanza haikushika?”

Mke wake, aliyeketi kando ya kitanda, aliacha kumenya chungwa.

Niliketi ukingoni mwa kitanda nikamweleza, taratibu, kama ninavyoeleza wanafunzi: damu huteremka, mgonjwa hulazwa, pande nne. Kisha nikamweleza kwamba mara ya kwanza nilipima upande mmoja tu, akiwa ameketi, nimebana pumzi.

“Kwa hiyo nilikuwa nanuka sana?”

“Sana.”

“Ile harufu,” alisema, “ndiyo inayosomesha watoto wangu.”

Mkewe alirudi kwenye chungwa lake. Hakunipa kipande.