Bi Moyo na Upande wa Utetezi

Wenzake chuoni walimwita Bi Moyo, na jina lenyewe halikuwa la sifa. Mwaka uliopita, kwenye mtihani wa ana kwa ana, kila mgonjwa aliyeumwa kifua alimbandika shambulio la moyo, hata kijana wa watu mwenye kiungulia chake. Alifeli vibaya. Sasa alikuwa anarudia kwa mara ya mwisho. Akianguka tena, utabibu ndiyo basi.

Mumewe, fundi seremala, alimkatia ubao wa plaiwudi, naye akachora jedwali kwa chaki. Shambulio la moyo: kifua kubanwa, jasho, maumivu kushuka mkononi. Bonge la damu kwenye mapafu: pumzi kukatika ghafla, mguu mmoja kuvimba. Kiungulia: kuchoma baada ya kula. Mume ndiye aliyelala kwenye benchi kuwa mgonjwa, na kwa kuugulia hakuwa na mpinzani.

"Mama watoto, leo nife kwa ugonjwa gani?"

"Moyo."

"Tena?"

Jumamosi mwanafunzi mwenzake alikuja kudurusu. Akautazama ubao, akaangua kicheko.

"Shoga, mahakama gani hii? Mashahidi wa mashtaka tele, wa utetezi hakuna hata mmoja! Kwa dalili hizi utamfunga nani ukamwacha nani? Andika na zinazopinga."

Bi Moyo alinuna kidogo, maana ukweli unauma. Kisha akaongeza safu. Zinazopinga moyo: maumivu ya kuchoma akivuta pumzi, au yanayoongezeka ukimbonyeza kifua. Zinazopinga kiungulia: maumivu yanayokuja akipanda ngazi na kutulia akipumzika.

"Ila kumbuka," mwenzake akasema, "linalopinga linapunguza shaka ya ugonjwa, haliifuti."

Siku ya mtihani mtahini alikuwa yuleyule wa mwaka uliopita. Akasoma bila kumtazama: mwanamume wa makamo, presha ya siku nyingi, kifua kinamuuma, jasho linamtoka. "Nimpe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda?"

Moyo! Neno lilishafika ncha ya ulimi. Akalimeza, akatafuta utetezi.

"Maumivu yalianzaje, mwalimu?"

"Ghafla, makali tangu mwanzo, kama kitu kinachanika. Yakaenda mgongoni."

"Na presha, mikono yote miwili?"

Mtahini akainua macho. "Kulia mia na themanini. Kushoto mia na thelathini."

"Kipimo cha umeme wa moyo?"

"Hakionyeshi shambulio."

"Basi usimpe!" Alijikuta akipaza sauti, wala hakujali. "Presha za mikono zimepishana mno; nahofia ukuta wa mshipa mkuu wa damu unachanika. Dawa hiyo itamvujisha damu. Tumtulize maumivu, tushushe presha, apigwe picha ya CT haraka, na daktari wa upasuaji aitwe sasa hivi."

Mtahini akaweka kalamu chini. "Mwaka jana ungemuua."

"Ningemuua, mwalimu."

"Na leo?"

Furaha ilimjaa. "Leo anaingia chumba cha upasuaji akiwa hai."

"Umefaulu, tabibu," mtahini akasema. "Niitie anayefuata."