Sifuri ya Masakta

Siku ya kwanza nilifika kwenye chama chetu cha ushirika, Katesh, nikiwa na sindano ya gunia mkononi, si kalamu. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne huko Mbulu milimani, baba akasema inatosha, mbuzi hawajichungi. Naliandika hilo wazi kwa sababu makarani wa leo wanakuja na vyeti vimefungwa kwenye plastiki, halafu bado wananiuliza mimi kwa nini jumla haikubali.

Katibu wa chama wa wakati ule alikuwa mzee mrefu aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Alinikuta ghalani nashona magunia huku nahesabu kwa sauti.

"Wewe binti, yako mangapi?"

"Sitini na manne, na moja limetoboka."

"Nani kakutuma uhesabu?"

"Hakuna. Mikono inashona, mdomo ulikuwa haufanyi kazi."

Akacheka mpaka koti likatikisika. Jioni ile akanipa kitabu cha risiti. Kitabu kina karatasi hamsini. Mkulima akipima mbaazi zake unamwandikia jina, kilo na tarehe. Yeye anaondoka na risiti, na kipande kinachobaki kitabuni kinaitwa kishina, chenye namba ileile. Katibu akanishika bega akasema: "Jumla ikikataa, usianze na kilo. Anza na karatasi. Kilo hupungua njiani na hukauka ghalani. Karatasi haizai."

Nilifikiri ni maneno ya mzee. Nikayaweka tu.

Nikapelekwa Basotu. Kule kituo chetu kilikuwa jirani na ziwa, na wavuvi walikuwa wakituomba mizani wapimie samaki. Nilikataa kila siku na kila siku waliomba. Baadaye Masakta, misimu mingi, mavumbi matupu na watu wema. Msimamizi wa kituo kule hakujua kusalimia mtu bila kumgombeza, lakini ndiye aliyenifundisha kuweka mizani kwenye sifuri kabla ya kila gunia, si kila asubuhi tu. Mwishowe nikarudishwa Katesh kuwa karani wa leja. Leja ni kitabu kikuu: kila risiti ya kila kituo inaingia humo chini ya jina la mwanachama, na jumla yake lazima ikubaliane na mzigo ulioko ghalani. Mimi wa darasa la nne. Mhasibu, mwenye shahada yake, alikuwa ananiita Mama Leja.

Ghalani alikuwepo Gidamis. Huyu ni Mbarbaig wa kule tambarare, kazaliwa katikati ya ng'ombe, na tuligombana miaka kumi na tisa bila kupumzika. Mimi Mwiraqw nikimwambia mizani yake imelala, yeye ananiambia macho yangu ndiyo yamelala.

"Shikamoo mama. Leo leja imeamkaje?"

"Marahaba. Imeamka vizuri kuliko mizani yako."

"Mizani yangu haijasoma, mama. Kama wewe."

Hakuna mwingine aliyethubutu kuniambia hivyo.

Kompyuta ilipokuja sikuikimbia. Vituoni makarani walipewa vishikwambi: wanaandika risiti ya karatasi, kisha wanagonga namba, jina na kilo. Kishikwambi kikipata mtandao, kinatuma faili lote kwenye leja ya Katesh. Risiti zinaingia zenyewe, arobaini, hamsini kwa mkupuo. Mtaalamu aliyetufungia programu alituhakikishia kwamba haiwezi kupokea risiti moja mara mbili. Ikiona namba ambayo tayari inayo, inaikataa. Nilimpenda kijana yule kwa maneno hayo. Nilimwamini kuliko nilivyopaswa.

Msimu wangu wa mwisho tulifunga mapokezi ya mbaazi. Leja ikasema kilo 58,206. Tukapima ghala upya, gunia kwa gunia. Tukapata 54,588. Zilipungua kilo 3,618.

Mbaazi hukauka, lakini hazikauki kiasi hicho. Na lori lilikuwa limepita Masakta na Basotu safari mojamoja, magunia yakihesabiwa kwa idadi, kilo zikipimwa Katesh na Gidamis peke yake. Kwa hiyo vidole vyote vilimgeukia yeye. Tena msimu uleule alikuwa ameongeza mitamba miwili. Katesh nzima ikajua mitamba hiyo ilikula mbaazi.

Bodi ikaita kikao. Mwenyekiti akaniuliza kama leja inaweza kuwa imekosea. Nikasimama, nikajibu mbele ya watu wote: "Leja yangu haijawahi kusema uongo." Gidamis alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakunijibu. Miaka kumi na tisa, na siku ile hakunijibu. Bodi ikasema itakutana tena Alhamisi. Kilo zisipoonekana, anafukuzwa na jalada linakwenda polisi.

Nilianza kutafuta kwa njia nilizofundishwa. Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki, karani hushuku tarakimu zimegeuzwa, mfano themanini na saba imeandikwa sabini na nane. Nikagawanya 3,618 kwa tisa: 402, hakuna baki. Nikafurahi kama mjinga. Siku mbili nzima nilisoma kilo moja moja nikitafuta tarakimu zilizogeuzwa. Sikupata hata moja. Hesabu ile ilikuwa imenipeleka porini.

Jumanne mchana Gidamis akaja ofisini. Akaegemeza fimbo yake ukutani.

"Mama, nimeamua. Nauza mitamba. Nawapa chama, mambo yaishe."

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Basi unauza kwa nini?"

"Kwa sababu nikifungwa, watoto wangu wataitwa watoto wa mwizi mpaka wazeeke. Na kwa sababu wewe umesema leja haisemi uongo. Nani atanisikiliza mimi nikisema inasema?"

Nilimwangalia mtu yule. Magunia mangapi tumebishana, na hajawahi kunificha hata nusu kilo. Akiona mizani imezidisha upande wake alikuwa ananiita kwa kelele ghala zima lisikie. Nikaona aibu.

"Usiuze," nikamwambia. "Nipe kesho. Na toa fimbo yako hapo, itaangusha kalenda."

"Kalenda yenyewe ya mwaka juzi, mama."

Hapo nikajua bado yuko mzima.

Asubuhi ya Jumatano nikamkumbuka yule Katibu na koti lake la mvua. Nikaacha kilo. Nikaagiza vitabu vyote vya risiti kutoka vituoni, nikaketi sakafuni, nikahesabu vishina. Sikusoma jina wala uzito, vishina tu. Nikahesabu mara mbili. Vilikuwa 612.

Nikaiuliza kompyuta ina risiti ngapi. Ikasema 655.

Mwizi wa ghalani hupunguza mbaazi. Hawezi kuongeza risiti kwenye leja. Tatizo halikuwa ghalani hata kidogo. Lilikuwa mezani kwangu. Karatasi arobaini na tatu zilikuwa zimezaa.

Lakini zipi? Programu inakataa namba mbili zinazofanana. Nikaipanga orodha kwa namba, kama kawaida yangu, sikuona pacha. Ndipo nikafikiri: kama namba inanificha, niipuuze namba. Nikaipanga orodha upya kwa kilo. Zikaja zimeambatana mbili mbili kama maksai wa nira. Kilo 87.4, mama mmoja wa Masakta. Chini yake kilo 87.4, mama huyohuyo, siku hiyohiyo. Kilo 91.6, mzee mmoja. Chini yake tena yeye. Risiti ya juu namba 0412. Ya chini namba 412.

Sifuri. Vitabu vya Masakta vilianza na sifuri. Vya Katesh vilianza na moja, vya Basotu na mbili. Kwa programu, 0412 na 412 ni vitu viwili tofauti. Na orodha ikipangwa kwa namba, programu hutazama tarakimu ya kwanza: zenye sifuri hukaa juu kabisa, na zinazoanza na nne huanguka chini kabisa, chini ya zote za Basotu. Ndiyo maana sikuwa nimeziona.

Nani alikata sifuri? Nikakumbuka, na nikatamani nisikumbuke.

Siku moja katikati ya msimu mtandao ulikatika faili la Masakta likiwa linaingia. Kioo kikaganda. Nikaamini halikuingia, kumbe liliingia lote. Kesho yake nikamwambia karani wa Masakta anitumie faili hilo kwa WhatsApp. Mimi siwezi kuingiza kitu nisichokisoma. Nikalifungua kwenye programu ya majedwali, nikalisoma, nikalihifadhi, nikaliingiza. Ile programu ya majedwali ikiona 0412 inadhani ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi, inaitupa. Risiti zikaingia kama ngeni. Kioo kikaandika: risiti 43 zimepokelewa. Nikaenda kunywa chai.

Nikajumlisha pacha wale kwa mkono, kuanzia 412 mpaka 454. Kilo 3,618 kamili.

Sikufuta kitu. Karani hafuti. Nilimwita Mhasibu, tukaandika ingizo la kubatilisha kwa kila pacha, sababu ikiwa pembeni na sahihi zetu mbili. Leja ikashuka mpaka 54,588. Ghala 54,588. Mhasibu, mtu wa shahada, alinikumbatia.

"Tuseme mfumo ulikosea," akanishauri. "Si uongo sana."

"Mfumo haukufungua faili. Nimefungua mimi."

Alhamisi nikasimama palepale niliposimama mara ya kwanza. Nikasema: "Wajumbe, leja yangu ilisema uongo, na aliyeifundisha uongo huo ni mimi." Nikaeleza yote, vishina vikiwa mezani. Mwenyekiti akauliza kama najua kwamba naweza kuondolewa. Nikamwambia najua, lakini kwanza amwombe radhi mtunza ghala, kisha na mimi nitamwomba. Aliomba, kwa sauti ndogo. Mimi niliomba kwa sauti kubwa.

Gidamis akasema: "Mama, nilikwambia macho ndiyo yamelala."

Bodi ikaangua kicheko, nami nikalia mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kufanya hata msibani.

Hawakuniondoa. Nilimaliza muda wangu, nikastaafu. Kabla ya kuondoka nilibadilisha vitabu vya Masakta vianze na namba tatu, na nilibandika ukutani karatasi: hesabu vishina kabla ya kuhesabu kilo, na faili la kituo lisifunguliwe popote kabla ya kuingizwa. Karani wa sasa ananiambia bado ipo, imepata madoa ya chai.

Siku ya kuniaga walinipa kitenge na maneno mengi. Asubuhi iliyofuata Gidamis alikuja mpaka getini kwangu akiswaga ndama jike, mtoto wa mmoja wa mitamba ile.

"Ana jina?" nikamuuliza.

"Anaitwa Sifuri. Huyu usimtupe, mama."

Sasa amekuwa ng'ombe mkubwa, ananipa lita sita asubuhi. Gidamis akipita kunisalimu, hupima maziwa yangu kwa jicho na kudai nimekosea hesabu. Tunabishana pale getini. Halafu nachukua kikombe, napima tena.