Mgeni Aliyeona Gizani

Mahfudha Ali alikuwa na ulimi mtamu tangu utotoni, na Malindi nzima iliufaidi. Wanawake wa mtaani wakitaka maneno ya kadi ya harusi walimwendea yeye. Wakitaka kumtania wifi kwenye ngoma, walimwendea vilevile. Alipoachika na kurudi kwa mamake, ulimi huo ndio uliompatia kazi: Msellem, mwenye duka la simu kwenye barabara ya kwenda sokoni, alikuwa akisoma kila asubuhi maneno ambayo Mahfudha aliyabandika mtandaoni, akaona afadhali maneno yale yamuuzie bidhaa kuliko kuchekesha watu bure.

Kwa miaka mitatu aliuza simu, akabandika vioo vya kinga, akawafundisha wazee kufungua picha za wajukuu wao. Kisha likaja jambo la simu mpya. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeajiri ofisi ya matangazo ya Nairobi, na ofisi hiyo ilitaka wiki nzima ya maneno ya kuhesabu siku, mstari mmoja kila siku, hadi Jumamosi ya uzinduzi. Maneno yao ya Kiswahili yalikuwa makavu kama mkate wa juzi. "Jiandae kwa matumizi ya kisasa," waliandika. Msellem akawaambia anaye mtu.

Basi Mahfudha akaunganishwa na Nahashon, kijana mstaarabu wa ofisi hiyo, ambaye walizungumza naye kwa simu tu. Nahashon alimtumia orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya vitu vinavyoruhusiwa kudokezwa: betri inayodumu, chaji ya haraka, kamera inayopiga gizani. Ya pili ilikuwa ya vitu vya kufichwa: jina, bei, na mgongo wa simu, maana mtu akihesabu kamera za nyuma anajua kila kitu. Kila mstari ulipaswa kumfikia Nahashon jioni ili auidhinishe, kisha ungetoka saa tatu asubuhi kwenye kurasa za kampuni, na Mahfudha angeuandika kwa chaki kwenye ubao wa nje ya duka.

Ijumaa simu moja ya majaribio ikaletwa na basi la vifurushi, imefungwa kwa gundi pande zote. Haikuwa na laini. Mahfudha alitia sahihi karatasi kwamba haitatoka dukani wala haitaonyeshwa mtu.

Jumamosi ubao ukasema: "Siku saba. Kuna mgeni njiani. Usiulize jina, mwandalie nafasi mfukoni." Watu wakaanza kusimama. Muuza madafu wa ng'ambo ya barabara aliapa kwamba ni duka jipya linakuja. Na mtu aliyechokozeka kuliko wote alikuwa Kibibi, binti wa mama yake mdogo, aliyekuwa amewekwa ndani akisubiri ndoa yake ya Jumapili ya wiki iliyofuata. Mchumba wake, Abdulghani, alikuwa amemwahidi simu mpya. Bibi harusi hatoki, kwa hiyo alikaa chumbani akisoma mistari ya Mahfudha kwenye simu yake ya zamani na kumtumia maswali: Ana rangi gani huyo mgeni? Ana kamera ngapi? Da Mahfudha, niambie mimi tu. Mahfudha akimjibu kwamba atakayeambiwa kwanza ni paka wa dukani.

Jumapili ilikuwa siku ya singo, siku ya kumsugua bibi harusi manukato, na ndiyo iliyomponza Mahfudha. Alikuwa amebakiwa na mstari wa kamera kuandika. Alijaribu kuandika dukani akashindwa, kwa sababu duka lina taa kumi na mbili na giza hamna. Namna yake ni hiyo, hawezi kusifu pilau asiyoionja. Akaitia simu ya majaribio kwenye mkoba, akajiambia kwamba ni alasiri moja tu, na kwamba kitu kisicho na laini si simu hasa.

Nyumbani kwa Kibibi, mama mdogo Shekha alikuwa ameketi mlangoni na kikapu. Hiyo ndiyo desturi siku hizi kwenye shughuli za wanawake: ndani watu wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, na hakuna picha itakayopigwa, hivyo kila simu hubaki kikapuni. Mahfudha aliitoa yake mwenyewe, akaiweka. Ile nyingine hakuisema. Mama mdogo hakuupekua mkoba, maana nani ampekue mwana wa dadake?

Madirisha yalikuwa yamefungwa na mapazia yameshushwa. Kibibi aliketi kwenye mkeka, mabega wazi, mikono imepakwa singo ya manjano, nywele zimefunguliwa mpaka kiunoni. Wanawake sita walikuwa wakimsugua na kumwimbia. Umeme ukakatika, chumba kikawa cheusi, mtu akawasha mshumaa mmoja. Mahfudha akaingiza mkono mkobani, akainua simu chini ya leso, akapiga mara moja. Haikutoa mwanga wala mlio.

Alipoitazama picha ile chooni, mwili ulimsisimka. Simu ilikuwa imeona kila kitu. Kibibi akicheka, kichwa kimerudi nyuma, chembe za singo shingoni, hata jasho la mdomo wa juu. Macho ya Mahfudha mwenyewe hayakuwa yameona nusu yake. Alijua aifute palepale. Lakini mstari ulikuwa unakuja, akataka kuitazama mara moja zaidi, na jioni ile akamtumia Nahashon: "Siku tano. Giza kwake ni pazia tu." Picha aliiacha ilale mle, ataifuta asubuhi.

Jumatatu alifungua duka, akaweka mkoba mezani, akaandika ubao, akahudumia wateja wawili. Saa nne ndipo alipoitoa simu na kuifuta ile picha, akashusha pumzi. Hakujua kwamba simu ile ilikuwa imepangwa na ofisi ya Nairobi ili kila picha itakayopigwa iende yenyewe kwenye hifadhi yao, mradi tu ipate mtandao. Nayo ilikuwa imejiunga na mtandao wa duka asubuhi ile, ingali mkobani, kabla hajaifuta picha.

Jumanne, ubao ukiwa umesema "Siku nne. Chai yako haijapoa, naye keshashiba chaji," Nahashon akampigia kwa furaha.

"Mahfudha, hiyo picha ya mshumaa ni moto," alisema. "Kampuni wameipenda kuliko zile za studio. Ijumaa tunaionyesha kipande, mkono na nusu ya uso. Jumamosi tunaifungua yote, mabango ya Mombasa mpaka hapo kwenu. Nitumie tu fomu ya ruhusa, huyo msichana atie sahihi."

Mahfudha alijibu sawa. Neno lilimtoka lenyewe, na baada ya kukata simu alikaa kwenye kiti cha wateja. Aliogopa, na woga wenyewe haukuwa wa aina moja. Aliuona uso wa Kibibi umetandazwa juu ya barabara ya sokoni siku moja kabla ya ndoa, nywele wazi, mabega wazi, wanaume wakipita chini na mikokoteni. Aliuona uso wa mama mdogo na kikapu chake. Abdulghani angefanya nini? Na ndugu za Abdulghani? Kisha akaiona karatasi aliyotia sahihi, na kazi yake ikiondoka nayo.

Jumatano hakula. Angeweza kuitia fomu sahihi ya Kibibi yeye mwenyewe, wazo hilo lilimjia mara mbili, akalifukuza mara mbili, na lilipomjia mara ya tatu akajiogopa. Ubao wa siku ile ulisema zimebaki siku tatu. Wapita njia walicheka na kubashiri, na kila aliyesoma nambari kwa sauti alimkata maini. Alikuwa ameyapanga mwenyewe maneno yale yawatie watu kiu ya kufika Jumamosi. Sasa yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiomba isifike. Kibibi naye akaandika: Da Mahfudha, naota huyo mgeni wako, nitakufa kabla ya kuolewa.

Faili zilikuwa ziende kwa wachapishaji Alhamisi saa sita mchana. Saa tatu asubuhi Mahfudha alipiga moyo konde, akampigia Nahashon na kumweleza yote: mkoba, kikapu, leso, umeme. Alieleza vibaya, akirudia maneno. Nahashon akauliza kama wangeficha uso.

"Hata mkono wake watu wa kwao wataujua," Mahfudha alisema. "Nahashon, ndugu yangu, mle ndani aliingia kwa amani. Mimi ndiye niliyemwibia."

Nahashon hakuelewa yote, ila aliuelewa ule mtetemo wa sauti. Aliahidi kuifuta kwenye hifadhi, kwenye pipa la vilivyofutwa, na kwenye kila nakala. Lakini alisema itabidi aandike sababu ya kuiondoa, na sababu hiyo itafika kwa Msellem. Mahfudha alisema aandike.

"Wangapi wameiona?" aliuliza mwishoni.

"Hapa ofisini? Saba. Na wale wawili wa kampuni."

"Wanaume?"

"Wengi wao," alisema Nahashon kwa sauti ya chini.

Msellem hakupaza sauti. Alimwambia amalize wiki, Jumamosi jioni aache funguo. Kazi ilikuwa bado na mstari mmoja, na sasa haukuwa na picha. Mahfudha alituma mraba mweusi mtupu na maneno manne: "Siku moja. Ameona. Hasemi." Nairobi wakausifu kuliko yote. Ijumaa asubuhi watu waliusambaza mpaka Kilifi na Mtwapa, na muuza madafu akaja kuusoma mara tatu.

Baada ya sala Mahfudha alikwenda nyumbani kwa Kibibi. Hakuna aliyemlazimisha. Picha ilikuwa imefutwa, harusi ilikuwa salama, na njia nzima woga ulimshawishi ageuke: nani atajua? Angejua yeye, na wale tisa. Mama mdogo alimpokea kwa busu la shavu, akampitisha ndani.

Kibibi alikuwa peke yake kitandani, nywele zimefunguliwa zikauke, hina mpya viganjani. Alikuwa ameshika simu kwa ncha za vidole asiiharibu hina, na mraba mweusi uko kwenye kioo.

"Huu wa leo umenikosesha usingizi wa mchana," alisema akicheka. "Niambie sasa, mimi tu. Ameona nini?"

Mahfudha alikaa kwenye ukingo wa kitanda. 

"Amekuona wewe," alisema, na akamweleza yote, polepole, hakuruka kitu, hata idadi.

Kibibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakumfukuza. Aliiweka simu kifudifudi, akainua leso iliyokuwa miguuni, akajifunika nywele na mabega, hina ikipaka kitambaa. Chumbani walikuwa wao wawili tu, na mlango ulikuwa umefungwa.