Sekunde Tano za Tovuti ya Mto

Ofisini walimwita Mama Hodi, na jina hilo alilitoa bosi mwenyewe. Siku moja alisimama nyuma ya kiti chake akamwangalia anavyoandika programu, mwishowe akacheka: "Wewe mama ukitengeneza programu ya kuzima moto, itabisha hodi kwanza!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Naye alicheka, lakini hakubadilisha kitu.

Kazi yake ilikuwa skrepa, yaani programu zinazopita kwenye tovuti za watu na kuvuna taarifa. Kampuni ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda hadi kwenye vikombe vya chai. Wateja wao walikuwa watu wa bima ya mazao, ambao walitaka kujua mvua, bei na vina vya mito.

Vina vya mito vilipatikana kwenye tovuti moja ndogo. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke mstaafu aliyewahi kufundisha jiografia, na watu walimwita Mwalimu tu. Watu waliosoma vipimo vya maji kando ya mito walimtumia ujumbe wa simu, yeye akaingiza namba, na kila kituo cha kupimia kikawa na ukurasa wake. Tovuti ilikaa kwenye seva ya bei ya chini kabisa, ya kuchangia na watu wengine, na ilisomwa na wavuvi, wenye mashamba ya bondeni na wachimba mchanga.

Mama Hodi aliifungua tovuti ile mara ya kwanza akaona inavyopumua kwa shida. Kwa hiyo aliipangia skrepa yake adabu. Iombe ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Ikishapata jibu, itulie sekunde tano na ushei, ule ushei ukibadilika kila mara. Ukurasa usiobadilika tangu jana usipakuliwe upya. Seva ikijibu kwamba imezidiwa na kutaja muda wa kusubiri, muda huo uheshimiwe. Isipotaja, skrepa ingoje sekunde kumi, kisha ishirini, kisha arobaini, ikiongeza maradufu. Na ikigonga mwamba mara tano, iache kabisa na kumwarifu yeye. Kwenye kila ombi aliweka jina la kampuni na barua pepe yake, ili Mwalimu akiona jambo ajue pa kulalamikia.

Mdogo wake wa kiume alifanya kazi meza ya pili. Mama Hodi ndiye aliyemwombea kazi pale, akamfundisha hatua kwa hatua, na nyumbani mama yao alijisifia kwa kila mgeni: "Wanangu wote wawili wanakula kwa kompyuta."

Mvua zilipoanza, mama yao aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mama Hodi akaomba ruhusa, akaenda kumuuguza hospitalini. Alikuwa anambadilishia shuka simu ilipoita.

"Dada, hii sekunde tano ni lazima?" mdogo wake aliuliza. "Bosi anasema mteja anataka vina vya mto kila baada ya dakika chache. Kwa mwendo huu mzunguko mmoja haujaisha, wa pili unadaiwa."

"Ni lazima. Hiyo seva ni kibanda cha makuti, usiisukume."

"Mimi naelewa. Shida ni yeye. Amesimama hapa hapa."

"Mwambie namba zenyewe hubadilika kila baada ya saa. Hata ukikimbia hupati kipya. Nitampigia jioni."

Jioni mama alishikwa na homa, na simu haikupigwa.

Mdogo mtu akafanya alivyoamriwa. Aliondoa kungoja, akaruhusu maombi ishirini yaende kwa pamoja, na ombi likikosa jibu lirudiwe papo hapo, bila kikomo. Kwa siku mbili mambo yalikwenda kama maji, na bosi akampiga bega.

Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha milimani. Watu wa bondeni wakakimbilia simu zao kutazama mto, na tovuti ikaanza kusuasua. Hapo ndipo skrepa ilipoikaba. Ilingoja jibu kidogo, ikakata tamaa, ikaomba tena. Lakini seva haikujua kwamba mwombaji ameondoka, iliendelea kuhangaika na ombi la zamani huku jipya likijipanga nyuma yake. Kila kukosa jibu kukazaa ombi jingine. Adhuhuri wenye seva waliona tovuti moja inawalemea wengine wote, wakaizima.

Mwalimu alishika simu akaanza kupigia watu mmoja mmoja. Wengi aliwapata. Msimamizi wa wachimba mchanga alikuwa ameshafungua ukurasa wa kituo cha juu asubuhi ile, akauona mweupe, akaufungua tena, mweupe vilevile. Akasema mtandao wa siku ya mvua ndivyo ulivyo, akawaruhusu watu washuke mtoni. Maji yalifika alasiri yakiwa na magogo. Wengi walitoka. Watatu hawakutoka, na mmoja hakupatikana hata mwili wake.

Barua ya Mwalimu ilimkuta Mama Hodi wodini, kwenye ile barua pepe aliyoiweka mwenyewe. Haikuwa na matusi. "Kumbukumbu za seva zinaonyesha jina lenu kutoka juu hadi chini. Mlikuwa mnatafuta nini?"

Alisoma, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama yake akauliza kuna nini. "Kazi, mama," alisema. Kisha akapiga simu ofisini, skrepa ikazimwa.

Alirudi kesho yake. Bosi alimwita ndani, akafunga mlango.

"Sisi hatukuleta mvua," alisema. "Na mabadiliko kwenye programu yana jina la mdogo wako, si langu. Fikiria kabla hujajibu hiyo barua."

"Ulisimama nyuma yake."

"Nani aliniona?"

Mama Hodi alitoka akamtafuta mdogo wake. Alimkuta kwenye ngazi, macho mekundu, simu mkononi ikiwa na picha za watu wakivuta kamba mtoni.

"Dada, ungempigia jioni ile labda angesikia," alisema.

Alikaa kando yake, na wote wawili wakasikiliza matairi yakigongwa chini.

Usiku haukumpa usingizi. Asubuhi alimwandikia Mwalimu kila kitu kama kilivyokuwa: nani aliamuru, nani alibadilisha, na kwamba yeye aliulizwa, akaahidi kumpigia bosi, asipige. Akamwonyesha mdogo wake kabla ya kutuma. Yule aliisoma mara mbili, akasema, "Umeniandika mimi pia."

"Nimetuandika sote."

"Haya. Tuma."

Wote wawili walifukuzwa wiki ile. Kesi ya vifo vile ilifunguliwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Bosi alihamisha kampuni na kubadilisha jina. Mwalimu alijibu kwa mstari mmoja kwamba amepokea. Tovuti ilirudi baada ya miezi kadhaa, ikawa inazuia kila programu, yenye adabu na isiyo nayo.

Mama Hodi alipata kazi kwingine, ya kusafisha data ambazo wengine wamekwisha kuzileta. Skrepa hakuigusa tena. Mdogo wake alihamia kwa mama yao, ambaye sasa anatembelea mkongojo; yeye mdogo mtu anauza mkaa mbele ya nyumba. Dada akienda kumtembelea hupewa kiti na kuulizwa habari za njiani, kisha mdogo mtu husema kuna wateja wanamngoja, akatoka. Mama yao huwauliza wamegombania nini, na kila mmoja humjibu kwamba hawajagombana.